Nani Mwenye Zamu? ZooKeeper, etcd na Kiongozi wa Seva Nyingi

Tuchukue kampuni inayonunua maziwa kwa wafugaji na kuwalipa kila usiku kwa simu. Malipo yanafanywa na programu moja, nayo imewekwa kwenye seva mbili, A na B, ili moja ikizimika nyingine ishike kazi. Sharti ni kwamba zisilipe zote mbili usiku uleule. Zikilipa zote, kila mfugaji atapata hela mara mbili, na kuzidai tena kutoka kwenye simu za watu elfu kadhaa ni shughuli ambayo hakuna mhasibu anayeitamani.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kuziacha A na B zichunguzane zenyewe. B iisalimu A kila baada ya sekunde chache. Isipojibiwa, ihesabu kwamba A imekufa, ishike kazi. Lakini kutojibiwa si ushahidi wa kifo. Huenda mtandao kati yao umekatika huku A ikiwa hai na ikiendelea kulipa, au A imeelemewa tu na itajibu baada ya nusu dakika. Kutokea upande wa B, seva iliyokufa, seva iliyotengwa na seva iliyochelewa zinafanana kabisa. Mbili hizo zikibaki peke yao hazina njia ya kulimaliza shauri hili, maana kila moja ina hoja yake na hakuna wa tatu wa kuamua.

Huyo wa tatu ndiye anayeitwa huduma ya uratibu. Gugo walieleza ya kwao, Chubby, katika makala ya mwaka 2006 iliyoandikwa na Mike Burrows. Yahoo walitengeneza ZooKeeper na kuieleza kwa wahandisi wenzao mwaka 2010. Kampuni ya CoreOS ikaanzisha etcd mwaka 2013, na leo hiyo ndiyo inayotunza hali nzima ya Kubernetes, mfumo unaoendesha programu kwenye kundi la mashine. Zimejengwa kwa namna tofauti, ila moyo wake ni mmoja.

Moyo huo ni akidi. Huduma yenyewe huendeshwa na seva tatu au tano. Moja kati yake ni kiongozi wa ndani, na maandishi yote hupitia kwake. Mteja akiomba kuandika jambo, kiongozi hulipa namba ya mfululizo, hulituma kwa wenzake, na hasemi “limekubaliwa” mpaka zaidi ya nusu ya seva zote ziwe zimeliandika kwenye diski zao. Katika seva tatu, nusu na zaidi ni mbili. Katika tano, ni tatu. Makundi mawili yenye akidi hayawezi kukosa mjumbe mmoja wa pamoja, kwa hiyo hata kiongozi akifa, kiongozi mpya atachaguliwa na kundi ambalo ndani yake yuko angalau mmoja anayelijua neno la mwisho lililokubaliwa. Kanuni za uchaguzi zinamkataa mgombea ambaye kumbukumbu zake ziko nyuma. etcd hufuata utaratibu uitwao Raft, uliotungwa Stanford na Diego Ongaro na John Ousterhout; ZooKeeper ina wake uitwao Zab.

Hapo pia ndipo inapojibiwa hoja ya mtandao uliokatika. Seva tatu zikigawanyika mbili huku na moja kule, zile mbili zinaendelea na kazi, na ile moja inakataa kuandika chochote. Huduma hizi hukubali kunyamaza kuliko kusema mambo mawili yanayopingana. Mtu anayetaka jibu hata kama ni la uongo atafute chombo kingine.

Turudi kwenye maziwa. A na B zikiwa wateja wa etcd, kila moja inaomba kwanza kibali cha muda, tuseme cha sekunde 15, ambacho lazima ikihuishe kabla hakijaisha. Kisha inajaribu kuandika jina lake mahali pamoja palipokubaliwa, kwa sharti kwamba hapajaandikwa kitu. Kwa mkono, kwenye mstari wa amri, inakuwa hivi:

```
etcdctl lease grant 15
etcdctl txn --interactive
compares:
create("/malipo/kiongozi") = "0"

success requests:
put --lease=694d77aa9e38260f /malipo/kiongozi A

failure requests:
get /malipo/kiongozi
```

Kuangalia na kuandika ni tendo moja lisilogawanyika. A na B zikituma ombi lile lile katika kufumba na kufumbua, kiongozi wa etcd atayapanga kwa namba, la kwanza litafaulu na la pili litarudishiwa jina la aliyetangulia. A ikizimika, haitahuisha kibali. Sekunde 15 zikipita, etcd inafuta kibali pamoja na jina lililofungwa nacho, na B, ambayo iliomba kujulishwa mahali pale pakibadilika, inapata habari na kujaribu tena. ZooKeeper hufikia jambo hilohilo kwa nodi za muda zinazofutika kikao cha mteja kikiisha, na huzipa namba za foleni ili kila mgombea amtazame yule aliye mbele yake tu. Vinginevyo kiongozi mmoja akianguka, wagombea mia wangeamka kwa pamoja kuuliza swali moja.

Hadi hapa inaonekana kama shauri limekwisha, na wengi huishia hapo. Halijaisha. Huduma inakuhakikishia kwamba ndani ya kumbukumbu zake, kwa wakati wowote, jina la kiongozi ni moja. Haikuhakikishii kwamba duniani kuna seva moja tu inayojiona kiongozi.

Tazama saa. Saa 6:00:00 usiku A inahuisha kibali chake. Saa 6:00:01 inajiuliza, “Mimi bado ni kiongozi?” Jibu ni ndiyo, na ni kweli. Inajiandaa kutuma malipo ya mfugaji wa 118, na papo hapo inaganda. Sababu zipo tele: mashine pepe inahamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, au programu ya Java imesimama kufagia kumbukumbu yake, au diski imekwama. Saa 6:00:15 kibali kinaisha. B inachukua uongozi na kuanza kulipa, wa 118 akiwemo. Saa 6:00:21 A inazinduka. Kwa upande wake hakuna muda uliopita. Mstari uliotangulia wa programu ulithibitisha kwamba yeye ni kiongozi, na mstari unaofuata unasema tuma. Inatuma. Mfugaji wa 118 kalipwa mara mbili, wakati etcd haikukosea hata chembe.

Kurefusha kibali hakutibu ugonjwa huu, kunaupunguza tu, tena kwa gharama ya kusubiri zaidi kiongozi akifa kweli. Kuangalia mara mbili kabla ya kutuma nako hakusaidii, kwa sababu mgando unaweza kuingia kati ya kuangalia na kutuma hata kama kati yao pana mstari mmoja. Waandishi wa Kubernetes wanalijua hilo: ndani ya maktaba yao ya kuchagua kiongozi wameandika waziwazi kwamba haihakikishi kuwa ni mteja mmoja tu anayetenda kama kiongozi. Mfumo wao unavumilia hali hiyo kwa sababu anayeandika kwa kutumia taarifa iliyopitwa na wakati hukataliwa na kuambiwa asome upya. Kampuni ya maziwa haina kinga hiyo mpaka ijitengenezee.

Kinga yenyewe ni namba ya zamu. Kila andiko katika etcd lina namba ya mfululizo inayopanda tu, haishuki kamwe. A ilipochukua uongozi, andiko lake lilikuwa, tuseme, la 4502. La B likawa la 4871. B kabla ya kulipa mtu yeyote inaandika 4871 kwenye kanzidata ya malipo kuwa ndiyo zamu ya sasa. Tangu hapo kila ombi la malipo linakuja na namba ya zamu ya aliyelituma, na kanzidata, ndani ya muamala uleule unaorekodi malipo, inakataa namba yoyote iliyo ndogo kuliko kubwa iliyokwisha kuiona. A ikizinduka na 4502 yake inagonga mlango uliofungwa. Tazama nani anayezuia kosa: ni kanzidata, yaani kile chombo kinachoguswa, wala si etcd. Chubby ilikuwa na namba ya aina hii tangu makala ya 2006. Katika ZooKeeper, namba iitwayo `zxid` au namba ya toleo la nodi hufanya kazi hiyohiyo.

Na pale ambapo chombo cha mwisho hakiwezi kukagua namba, kama mtandao wa simu unaopokea maagizo ya malipo? Hapo kila malipo yapewe kitambulisho kisichobadilika, kwa mfano tarehe pamoja na namba ya mfugaji, na mtandao uombwe kukataa kitambulisho kilichokwisha kupita. Kama mtandao nao haukagui vitambulisho, basi hakuna huduma ya uratibu itakayokupa dhamana unayoitaka, na ni heri kulijua hilo kabla ya usiku wa kwanza.

Kwa upande wa mipangilio, dhamana ni za aina nyingine kidogo. Mipangilio ni yale maneno machache yanayoiambia programu ifanye nini: anwani ya kanzidata, kiwango cha juu cha malipo kwa siku, ndiyo au hapana ya huduma mpya. Huduma ya uratibu haikuahidi kwamba seva zako mia zitaona badiliko katika sekunde ileile. Inachoahidi ni mpangilio: mabadiliko yote yana foleni moja, na hakuna mteja atakayeona la tano kabla ya la nne. Moja inaweza kuwa nyuma ya mwenzake, lakini zote ziko kwenye barabara moja.

Wasanifu wa ZooKeeper walitoa mfano mzuri wa faida yake. Kiongozi mpya anataka kubadilisha mipangilio ishirini, na hataki mtu asome kumi mipya na kumi ya zamani. Anafuta kwanza nodi iitwayo `ready`, anabadilisha yote ishirini, kisha anaiumba `ready` upya. Msomaji hugusa mipangilio pale tu `ready` ipo. Na kama aliiona ipo, akaanza kusoma, halafu ikafutwa katikati? ZooKeeper inahakikisha kwamba mteja aliyeomba kujulishwa atapata taarifa ya kufutwa kabla hajaonyeshwa hata mpangilio mmoja mpya. Anaacha na kuanza upya.

Tofauti moja kati ya hizi mbili imewatega wengi. Katika ZooKeeper, kusoma hujibiwa na seva yoyote uliyounganishwa nayo, na seva hiyo inaweza kuwa nyuma kidogo. Anayetaka uhakika aite `sync` kwanza. etcd kwa kawaida huthibitisha na akidi kabla ya kujibu, na anayetaka jibu la haraka lililochacha lazima aombe hivyo kwa hiari yake. Aliyezoea moja asidhani nyingine ina tabia ileile.

Sasa tuje kwenye uchache wa data, jambo ambalo wageni huliona kama kasoro itakayorekebishwa siku moja. Nodi ya ZooKeeper ina kikomo cha megabaiti moja hivi, na ombi moja la etcd haliruhusiwi kupita megabaiti moja na nusu. Hifadhi nzima ya etcd imewekewa gigabaiti 2 kwa kawaida, na watengenezaji wake wanashauri isizidi 8. Simu janja nyingi zina nafasi zaidi ya hiyo.

Sababu iko kwenye akidi yenyewe. Kila seva ya huduma hii ina nakala ya kila kitu, na kila andiko hupita kwa kiongozi mmoja na kusubiri diski za walio wengi. Kanzidata ya kawaida ikielemewa unaweza kuigawa vipande na kuongeza mashine. Hapa, kuongeza seva kutoka tatu hadi tano hakukupi nafasi hata kidogo, na kuandika kunakuwa kuzito zaidi kwa sababu sasa zinasubiriwa diski tatu badala ya mbili. Seva za ziada zinakununulia uwezo wa kuvumilia vifo viwili badala ya kimoja, basi.

Halafu data nyingi inakwenda kuugusa uchaguzi. Kiongozi wa etcd huwatumia wafuasi mapigo kila milisekunde 100, na mfuasi asiyesikia pigo kwa takriban sekunde moja huanza kuomba kura. Diski ikielemewa na maandishi, au seva ikishughulika kumtumia mwenzake aliyerejea nakala nzima, mapigo huchelewa. Nakala ya gigabaiti 8 kwenye mtandao wa gigabiti moja kwa sekunde huchukua zaidi ya dakika nzima hata kama hakuna kingine kinachopita. ZooKeeper huweka mti wake wote kwenye kumbukumbu ya programu ya Java, kwa hiyo mti ukinenepa, mgando wa kufagia nao unarefuka. Mapigo yakikosa, uchaguzi unaitishwa. Uchaguzi ukiendelea, hakuna kuandika. Kusipoandikwa, vibali vya wateja havihuishwi kwa wakati, na A na B zinaanza kunyang’anyana uongozi bila kosa lao. Dalili yake inaonekana mapema kwenye kipimo `etcd_disk_wal_fsync_duration_seconds`: katika maandishi 100, 99 yanapaswa kutua kwenye diski ndani ya milisekunde 10. Yakianza kupita hapo mara kwa mara, usingoje uchaguzi ukuamshe.

Uchaguzi usiokwisha si hadithi. Tarehe 2 Novemba 2020, saa 11:43 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, swichi moja katika kituo cha Cloudflare iliharibika nusu: ilikuwa hai lakini haikupitisha kila kitu. Katika kundi lao la etcd la seva tatu, seva moja ikashindwa kumsikia kiongozi huku ikiendelea kuwasiliana na ya tatu. Ikaitisha uchaguzi, kiongozi akavurugwa, akarudi, ikaitisha tena. Swichi ilijirekebisha baada ya dakika 6, lakini kanzidata zilizotegemea etcd kuamua nani mkuu zilikuwa zimekwisha kuathirika, na huduma za wateja zikayumba kwa saa 6 na dakika 33. Dawa ya sehemu ya tatizo hili ipo: mgombea huwauliza kwanza wenzake kama watamuunga mkono kabla ya kumsumbua aliyepo, mithili ya kura za maoni ndani ya chama, na mfuasi anayemsikia kiongozi vizuri hukataa. Tangu toleo la 3.5, etcd huja na utaratibu huo ukiwa umewashwa.

Nafasi yenyewe nayo huisha kwa namna ambayo watu hawaitarajii. etcd haifuti toleo la zamani unapoandika jipya. Hulitunza ili mteja aliyebaki nyuma aweze kufuatilia. Faili la mipangilio la kilobaiti 100 likiandikwa upya kila sekunde 5 ni maandishi 17,280 kwa siku, yaani gigabaiti 1.7, ingawa ukitazama unaona faili moja dogo. Matoleo ya zamani yasipofagiliwa, kabla siku ya pili haijaisha utasoma hivi kwenye skrini:

```
etcdserver: mvcc: database space exceeded
```

Kuanzia hapo inakubali kusoma na kufuta tu. Kutoka humo kuna mpango: `etcdctl compact` hufuta matoleo ya kale, `etcdctl defrag` hurudisha nafasi kwenye diski, na `etcdctl alarm disarm` huondoa kizuizi. Watu husahau ya pili, wakashangaa faili halipungui, au huiendesha kwenye seva zote kwa pamoja, na kila seva husimama kujibu inapofanyiwa hivyo. Ifanyike kwa moja moja, kiongozi awe wa mwisho.

Kwa kampuni yetu ya maziwa, basi, kwenye etcd liende jina la kiongozi, namba ya zamu, anwani ya kanzidata na mipangilio michache inayobadilika kwa nadra. Orodha ya wafugaji, historia ya malipo, hesabu ya waliokwisha kulipwa usiku huu, yote yakae kwenye kanzidata ya kawaida. Hata Kubernetes, iliyojengwa juu ya etcd, huweka taarifa zake za matukio kwa saa moja tu kisha huzifuta, na wenye makundi makubwa huzitenga kwenye etcd ya peke yake ili zisiisumbue ile kuu.

Na kikomo kiwekwe siku ya kwanza, kabla mtu hajazoea kutokuwepo kwake. Chubby ilipoanza haikuwa na kikomo cha nafasi, na Burrows aliandika baadaye kwamba ulikuwa ujinga. Mradi mmoja ndani ya Gugo uliitumia kuandika taarifa ndogo za mafaili yaliyopakiwa, mara chache. Miradi mingine miwili ikaazima programu ileile kwa watumiaji wengi zaidi, mpaka ikafika hali ambapo faili moja la megabaiti 1.5 linaandikwa upya lote kila mtumiaji anapofanya tendo, na nafasi iliyotumika ikazidi ya wateja wengine wote wa Chubby wakijumlishwa. Waliweka kikomo cha kilobaiti 256 kwa faili na kuwaomba wahame. Kuhama kulichukua takriban mwaka mzima.